Kikokotoo ruksa Fizikia, marufuku Hisabati: Vitu vya kuingia navyo mtihani wa kidato cha nne

Mtahiniwa wa kidato cha nne anaweza kukaa chumba kilekile, dawati lilelile, ndani ya wiki moja, na kitu kilichoruhusiwa siku moja kikawa kosa siku inayofuata. Kitu chenyewe ni kikokotoo, au kalkuleta kama wengi wanavyoiita.

Katika karatasi ya Fizikia na ya Kemia za Baraza la Mitihani la Tanzania (NECTA), kikokotoo kisichopokea programu kinaruhusiwa. Katika Hisabati, somo lenye hesabu nyingi kuliko yote, hakiruhusiwi kabisa. Hapo mtahiniwa anatumia majedwali ya hisabati ya NECTA, kalamu, na kichwa chake.

Wengi wanalijua hilo kwa kusikia tu. Shida inaanza pale mtu aliyezoea kikokotoo darasani anapokutana na jedwali la logi siku ya mtihani, au anaposahau kikokotoo mfukoni asubuhi ya Hisabati. Haya ndiyo ya kujua kabla ya siku hiyo.

Sheria iko ukurasa wa kwanza

Ruhusa inatolewa kwa karatasi, siyo kwa mtihani mzima. Kila karatasi ina maelekezo yake juu kabisa, kabla ya swali la kwanza.

Kwa karatasi za Hisabati za miaka ya karibuni, maelekezo yanasema mambo matatu yanayohusu vifaa. Kwanza, kazi yote ya kupata jibu ionekane wazi. Pili, majedwali ya hisabati ya NECTA yanaweza kutumika. Tatu, vifaa vya mawasiliano, vikokotoo na kitu chochote kisichoruhusiwa havitakiwi ndani ya chumba cha mtihani.

Angalia neno "ndani ya chumba". Kosa halianzi pale unapobonyeza kikokotoo. Linaanza pale unapoingia nacho. Kikokotoo kilichozimwa na kufichwa chini kabisa ya mkebe bado ni kikokotoo. NECTA hufuta matokeo ya watahiniwa wanaobainika kufanya udanganyifu, na msimamizi aliyekikuta hana namna ya kujua kwamba ulikisahau tu tangu siku ya Fizikia.

Kwa hiyo usiku wa kuamkia Hisabati, mkebe umwagwe mezani wote na upangwe upya. Saa ya mkononi yenye kikokotoo au inayounganishwa na simu ibaki nyumbani, maana nayo inaingia kwenye katazo hilohilo.

Kidato cha sita mambo yanabadilika. Karatasi ya Hisabati ya Juu inaruhusu majedwali na kikokotoo kisichopokea programu. Tena katika karatasi ya kwanza, swali la kwanza huwa linapima uwezo wa kutumia kikokotoo chenyewe. Aliyekatazwa kidato cha nne anapimwa kwa kifaa hichohicho miaka miwili baadaye.

Bila kikokotoo hesabu inafanyikaje?

Karatasi ya Hisabati ina maswali 14 kwa saa tatu. Sehemu A ina maswali 10 ya alama 6 kila moja, na sehemu B ina maswali manne ya alama 10. Ukigawa muda sawasawa, kila swali linapata chini kidogo ya dakika 13. Mtu anayepapasa jedwali kwa dakika tano ameshaumia.

Tuchukue hesabu moja tuifanye mpaka mwisho: 67.34 × 0.0562.

Kabla ya kufungua jedwali, kadiria. 67.34 ni kama 70, na 0.0562 ni kama 0.05. Ukizidisha unapata 3.5. Andika namba hiyo pembeni, maana ndiyo itakayokuokoa baadaye.

Sasa logi ya 67.34. Nenda kwenye mstari wa 67, kisha safu ya 3. Unakuta 8280. Tarakimu ya nne ni 4, hivyo ukiwa kwenye mstari huohuo nenda upande wa kulia kwenye safu ndogo za tofauti, chini ya 4. Unakuta 3. Jumlisha: 8280 + 3 = 8283.

Hiyo ni sehemu ya desimali peke yake. Jedwali halikupi namba nzima ya mbele, unaitafuta mwenyewe. 67.34 ni sawa na 6.734 × 10¹, kwa hiyo namba ya mbele ni 1. Logi ni 1.8283.

Logi ya 0.0562 inapatikana kwenye mstari wa 56, safu ya 2: 7497. Namba hii ni 5.62 × 10⁻², hivyo mbele inakaa 2 yenye mstari juu yake: 2̄.7497.

Mstari ule una maana kubwa. Unasema kwamba 2 peke yake ndiyo hasi, ila .7497 ni chanya. Ni hasi 2 kisha unaongeza 0.7497. Ukiandika -2.7497 umeandika namba nyingine kabisa.

Jumlisha logi mbili. Desimali kwanza: .8283 + .7497 = 1.5780. Ile 1 inavuka kwenda mbele. Namba za mbele: 1 + (-2) + 1 = 0. Jumla ni 0.5780.

Fungua jedwali la antilogi, mstari wa .57, safu ya 8: 3784. Namba ya mbele ni 0, kwa hiyo jibu ni 3.784.

Linganisha na makadirio ya 3.5. Yanakaribiana, endelea na swali linalofuata.

Mtu aliyesahau kuvusha ile 1 angepata 1̄.5780, na jibu lake lingekuwa 0.3784. Tarakimu ni zilezile, kosa ni la mahali pa nukta tu. Bila makadirio pembeni asingeliona. Akiwa nayo, 0.3784 ikikaa jirani na 3.5 inajitangaza yenyewe.

Mzizi wa tatu ndio unaoangusha

Kujumlisha logi zenye mstari wengi wanaweza. Kazi inakuja kwenye kugawa, na kugawa kunatokea kila swali linapotaka mzizi.

Mfano, mzizi wa tatu wa 0.0562. Logi yake ni 2̄.7497, na mzizi wa tatu maana yake ugawe logi hiyo kwa 3.

Tatizo ni kwamba hasi 2 haigawanyiki kwa 3 bila baki. Njia ni kuikopesha. Ongeza hasi 1 mbele ili iwe 3̄, kisha rudisha 1 upande wa desimali ili mizani isibadilike. Unapata 3̄ + 1.7497. Sasa gawa kila upande: 3̄ ÷ 3 = 1̄, na 1.7497 ÷ 3 = 0.5832. Logi ya jibu ni 1̄.5832.

Antilogi ya .5832: mstari wa .58, safu ya 3 ni 3828, tofauti chini ya 2 ni 2, jumla 3830. Namba ya mbele ni 1̄, hivyo jibu ni 0.3830.

Asiyejua kukopesha atagawa 2.7497 kwa 3 kama namba ya kawaida, apate 0.9166, kisha aweke alama ya hasi mbele yake. Jibu lake litaangukia karibu na 0.12.

Kipi ni sahihi? Pima kwa namba nyepesi. 0.4 × 0.4 × 0.4 = 0.064, ambayo ni kubwa kidogo kuliko 0.0562. Basi mzizi lazima uwe chini kidogo ya 0.4. Namba 0.3830 inafaa. Namba 0.12 ikijizidisha mara tatu haifiki hata 0.002. Kipimo hicho hakichukui hata nusu dakika.

Kosini: toa, usijumlishe

Jedwali la kosini linafanana kwa sura na la saini, ila linasomwa tofauti kwenye hatua moja. Hatua hiyo inakula alama za wengi.

Tafuta kosini ya nyuzi 35 na dakika 14. Safu kubwa za majedwali ya tarakimu nne zinaruka kwa dakika 6: 0, 6, 12, 18 na kuendelea. Iliyo karibu kwa chini ni dakika 12, na hapo unakuta 0.8171. Zimebaki dakika 2. Kwenye safu za tofauti, chini ya 2, unakuta 3.

Kwenye saini na tanjenti ungejumlisha. Kwenye kosini unatoa: 0.8171 - 0.0003 = 0.8168.

Sababu haina haja ya kukaririwa. Kosini ya 0 ni 1, kosini ya nyuzi 90 ni 0. Pembe ikikua, kosini inashuka. Dakika mbili zaidi maana yake kosini iwe ndogo zaidi. Jibu likitoka kubwa kuliko ulipoanzia, umejumlisha.

Kosa jingine la majedwali haya ni desimali ya nyuzi. Nyuzi 35.5 siyo nyuzi 35 na dakika 50. Nyuzi moja ina dakika 60, hivyo nusu yake ni dakika 30.

Siku ya Fizikia na Kemia

Hapa kikokotoo kinarudi, lakini kwa sharti. Kiwe kisichopokea programu. Tofauti ni hii: kinachopokea programu kinaweza kuhifadhi mlolongo wa maagizo, na hivyo mtu anaweza kuingia na fomula zake zimelala ndani. Aina kama fx-991MS, ambayo iko mikononi mwa wanafunzi wengi, inafanya saini, logi na mizizi lakini haina sehemu ya kuandikia programu. Simu yenye kikokotoo haihesabiki kama kikokotoo. Ni simu, na imekatazwa.

Kosa kubwa la siku hii ni la mpangilio wa pembe. Kikokotoo cha kisayansi kinapokea pembe kwa namna tatu, na juu ya kioo kunaonekana alama ndogo: D kwa nyuzi, R kwa radiani, G kwa gredi. Kikiwa kimeachwa kwenye R, kitakupa majibu bila kulalamika, ila yote yenye pembe yatakuwa ya uongo.

Kipimo chake ni kifupi. Ukishaketi, kabla ya swali la kwanza, bonyeza saini ya 30. Ikija 0.5 uko salama. Ikija -0.988 uko kwenye radiani. Ikija 0.454 uko kwenye gredi. Rekebisha hapohapo. Kama umekiazima kikokotoo kwa mtu, kipimo hiki usikiruke, maana hujui alikiachaje.

Je, fomula zinatolewa? Kwa kidato cha nne, kinachotolewa kwenye karatasi ni namba zisizobadilika, siyo fomula. Fizikia huwekwa thamani kama ya mvutano wa dunia, g = 10 m/s². Kemia huwekwa uzito wa atomi za elementi zinazohusika, na namba kama ujazo wa moli moja ya gesi katika hali sanifu, 22.4 dm³. Namna ya kuziunganisha unatoka nayo nyumbani.

Namba hizo zimewekwa ili zitumike. Jiwe likidondoka kutoka mita 20, kasi yake chini kwa g = 10 ni mzizi wa pili wa 2 × 10 × 20, yaani mzizi wa 400, ambao ni 20 m/s kamili. Aliyekariri g = 9.8 kutoka kitabuni atapata 19.8. Kisayansi hajakosea, lakini ameacha thamani aliyopewa, na amejitwisha mzizi mgumu pale ambapo mtunga swali alimwekea mwepesi. Majibu ya Fizikia yakianza kutoka na desimali ndefu, rudi ukurasa wa kwanza uangalie thamani ulizopewa.

Kenya: kinaruhusiwa, isipokuwa swali likisema vinginevyo

Ng'ambo ya mpaka, mtihani wa KCSE una utaratibu mwingine. Karatasi ya Hisabati inaruhusu kikokotoo kisicho na sauti na kisichopokea programu, pamoja na majedwali ya KNEC, isipokuwa pale swali litakapoelekeza tofauti.

Hayo maneno ya mwisho ndiyo yenye mtego. Maswali ya mwanzo mara nyingi hudai hesabu ya sehemu au desimali ifanywe bila kikokotoo. Kifaa kiko mezani, hakuna atakayekunyang'anya, lakini alama ziko kwenye hatua. Anayeandika jibu tupu anakuwa ameonyesha kwamba alibonyeza. Kinyume chake, maelekezo ya karatasi hiyo yanasema alama zinaweza kutolewa kwa njia sahihi hata kama jibu la mwisho limekosewa.

Mtego wa pili uko kwenye michoro. Swali la KCSE linaposema chora kwa rula na bikari tu, kipimapembe kimekatazwa kwa swali hilo, ingawa kimo kwenye mkebe wako kihalali.

Chukua pembe ya nyuzi 105. Kwa kipimapembe ni sekunde kumi. Kwa bikari unaijenga: simamisha nyuzi 90 kwenye nukta, halafu tengeneza 120 kwa kukata tao mbili za 60, kisha gawa katikati pengo la kati ya 90 na 120. Nusu ya 30 ni 15, na 90 + 15 = 105.

Tao zile hazifutwi. Ndizo ushahidi kwamba pembe ilijengwa. Mchoro safi usio na tao, hata ukiwa na pembe kamili, unasomeka kama umepimwa kwa kipimapembe. Anayefuta ili karatasi ipendeze anafuta alama zake.

Kwa sababu hiyo bikari ikaguliwe mapema. Ikiwa imelegea, tao linaanza na sentimita 5 na kuishia na 5.2, mistari haikutani, na hakuna namna ya kuirekebisha katikati ya swali. Chora duara kamili usiku wa kabla. Mwisho wa duara ukikutana na mwanzo wake, bikari ni nzima. Penseli yake ichongwe kali, kwani ncha butu inachora mstari mnene ambao huwezi kujua nukta iko wapi.

Mkebe wa kila siku, kwa kifupi

Hisabati kidato cha nne, Tanzania: kalamu, penseli, kifutio, rula, bikari, kipimapembe. Majedwali ya NECTA yasiyo na maandishi yoyote ya mkono. Kikokotoo kibaki nyumbani.

Fizikia na Kemia kidato cha nne, Tanzania: vilevile, pamoja na kikokotoo kisichopokea programu, kimewekwa kwenye D na kimejaribiwa kwa saini ya 30.

Hisabati KCSE, Kenya: kikokotoo kisicho na sauti na kisichopokea programu, majedwali ya KNEC, mkebe kamili, na jicho kwenye kila swali linalosema "bila" au "tu".

Kuhusu majedwali, kagua kila ukurasa kabla ya kuingia nayo. Fomula iliyoandikwa kwa penseli pembeni na mtu aliyekitumia kitabu mwaka jana itahesabiwa ni yako, kwa kuwa kitabu kimekutwa mbele yako. Ukigundua maandishi ukiwa tayari umeketi, nyoosha mkono umwonyeshe msimamizi mara moja, kabla yeye hajayaona.

Na kifaa kikiharibika katikati ya mtihani, usimgeukie jirani. Nyoosha mkono, subiri msimamizi, endelea na swali lisilokihitaji.